Nguzo tano zilizolingana

Baada ya alasiri, mwisho wa Aprili, tumekaa chini ya mkungu pale dikoni, mimi nimeshika karatasi yenye chati ya kaskazi nzima, Novemba mpaka Aprili, kilo za samaki walioshushwa kila mwezi. Nimeichapisha asubuhi yake mjini, kwenye duka la printa karibu na Mkunguni, rangi ya buluu, nguzo sita, safi kabisa. Nikaizungusha kwa wazee mmoja mmoja.

Ikafika kwa ami mmoja ambaye amevua tangu kabla mimi sijazaliwa, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kimya.

"Mwanangu," akasema, "Novemba na Februari tulipata sawa?"

Nikamwambia hapana ami, Februari ilikuwa juu sana.

"Basi mbona nguzo zako zote zimekatwa kimo kimoja? Februari sisi twauza mpaka barafu yaisha, na hapa naona ni kama Novemba tu, hata Aprili imekaribia."

Nikaichukua karatasi nikaiangalia, na kweli.

Nguzo tano zimelingana kama boriti zilizopitishwa msumeno mmoja, ya sita imepungua kidogo tu.

Nilisema kitu kuhusu printa. Haikuwa printa, na nadhani ndani yangu nilishajua si printa, ndo maana imenikaa kichwani wiki kadhaa mpaka leo naandika hapa.

## Namba zilikuwa sawa

Usiku nilifungua laptopu nikaanza na data, manake hofu yangu ya kwanza ilikuwa kwamba nimeingiza vibaya kutoka kwa daftari. Nikapitia mstari kwa mstari. Novemba 1,620. Desemba 1,910. Januari 2,240. Februari 2,380. Machi 2,150. Aprili 1,300. Zote zinalingana na daftari la BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, hakuna kosa hata moja, na Februari imeizidi Novemba kwa kilo 760.

Kwa hivo data iko sawa na chati ina uongo, na hiyo ilinisumbua zaidi kuliko kama ningekuta kosa, manake kosa la kuandika unalifuta ukalala.

Ndo nikaangalia mhimili wa wima, ule wa kushoto wenye namba. Unaanza 0, 200, 400, unapanda, unaishia 1,400.

Umeishia 1,400 na ndani kuna mwezi wa 2,380.

Excel haikunionya kitu. Ukiiambia mhimili uishie 1,400 itauishia hapo, na nguzo yoyote inayotaka kupita inakatwa pale pale kwenye mpaka wa juu, haichorwi mshale wala alama ya kwamba kuna kilichobaki nje. Kwa hivo kila mwezi uliopita 1,400 ukawa na kimo cha 1,400. Aprili peke yake, yenye 1,300, ndo iliyochorwa kimo chake cha kweli. Yaani kwenye karatasi yote niliyowapa wazee, nguzo moja kati ya sita ndo ilikuwa kweli.

## 1,400 ilitoka wapi

Hapa ndo pamenichukua muda, kwa sababu sikukumbuka kabisa kuandika hiyo namba. Sikuiandika Aprili. Niliiandika Oktoba.

Oktoba nilikuwa natengeneza chati ya kusi. Kusi mnaijua, bahari imechafuka, mashua nyingi zimepandishwa, Julai tulikuwa na kilo 720 na mwezi mzuri kuliko yote ulikuwa Oktoba yenyewe, 1,260. Nikaipanga ile chati vizuri kweli kweli, nikaridhika nayo, nikabofya kitufe cha kulia pembeni ya chati, `Save as Template`, nikaipa jina, nikasema sasa sitateseka tena, kila msimu naitumia hii hii.

Na kwenye kuipanga ndo nilishika mhimili. Nilikuwa na sababu nzuri ya kuushika, hilo nataka lieleweke, haikuwa kuchezea tu.

Mwaka uliotangulia nilichora miezi mitatu peke yake, Januari 2,310, Februari 2,450, Machi 2,220, nikaiacha Excel ichague mhimili yenyewe. Ikachagua kuanzia 2,100. Ni tabia yake, namba zako zikiwa zimekaribiana sana, yaani tofauti ya kubwa na ndogo ikiwa haifiki sehemu moja ya sita ya ile kubwa, haianzii tena sufuri, inasogea juu ili tofauti ionekane. Kwa chati ya mistari inaweza kusaidia. Kwa nguzo ni balaa, kwa sababu jicho linapima urefu wa nguzo kutoka chini, na chini imeshaondolewa. Machi ilikuwa imebakiwa na urefu wa 120 na Februari 350, kwa hivo kwa macho Februari ilikuwa karibu mara tatu ya Machi, wakati ukweli wapishana kilo 230 tu. Watu walianza kuulizana samaki wa Machi wameenda wapi, nani alipima, nani aliandika. Mpimaji wetu alikaa kimya siku ile na mimi sikusahau uso wake.

Kwa hivo Oktoba nilisema, mhimili haujichagulii tena. Nikabofya zile namba za kushoto, `Ctrl+1`, ikafunguka `Format Axis`, chini ya `Bounds` nikaandika 0 kwenye `Minimum`. Hiyo ni sawa na nitaitetea popote.

Alafu mkono ulikuwa hapo hapo, kisanduku cha pili kiko chini yake, nikaandika 1400 kwenye `Maximum`.

Kwa kusi ilikaa vizuri sana. Templeti ikaihifadhi pamoja na mengine yote, rangi, upana wa nguzo, fonti, na ile 1,400, na Aprili nilipoteua data ya kaskazi nikaenda `Insert`, `Recommended Charts`, `All Charts`, `Templates`, nikachagua jina lake, chati ikatoka imeshavaa kikomo cha kusi.

Na mimi nilijua kabisa kaskazi inapita 2,000. Nilijua. Ila nilikuwa nimeshaiamini templeti, na kitu ukishakiamini hukisomi tena.

## Neno dogo kando ya kisanduku

Sasa kuna alama moja ambayo ingeniambia yote kwa sekunde mbili, na nimekuwa nikiipita kwa miaka.

Ukifungua `Format Axis`, kando ya kila kisanduku cha `Bounds` na `Units` kuna neno. Likiwa ni `Auto`, hiyo namba unayoiona Excel imeihesabu kutokana na data iliyopo sasa, kesho data ikibadilika na yenyewe itabadilika. Likiwa ni `Reset`, hiyo namba imeandikwa na mtu na haitasogea mpaka mtu aitoe. Ukibofya hiyo `Reset` inarudi kuwa `Auto`.

Basi.

Nilipofungua ile chati ya Aprili nikakuta `Reset` tatu zimepangana, chini, juu, na `Major`, ile ya nafasi kati ya mstari na mstari, ambayo nayo nilikuwa nimeifunga kwenye 200. Ile ya juu nikaibofya, ikawa `Auto`, na mbele ya macho yangu nguzo zikapanda na kuachana, Februari juu ya zote, Novemba chini yake kwa mbali, Aprili imeshuka. Ile ya `Major` nayo nikaibofya, manake mhimili ukirefuka na nafasi ikibaki 200 mistari inajazana kama wavu.

Ya chini nimeiacha na `Reset` yake kwa makusudi. Na hapa kuna kitu kidogo cha kuangalia: hata kama kisanduku cha `Minimum` tayari kinaonyesha 0, kama kando yake kuna `Auto` hiyo 0 si yako, ni ya Excel kwa leo tu. Iandike mwenyewe, bonyeza enta, uone `Reset` imetokea, ndo imefungika.

Kwa hivo kanuni niliyobaki nayo kwa templeti ya nguzo ni chini funga, juu wacha. Sufuri ni ya kila msimu. Kikomo cha juu ni cha data ya siku hiyo, na templeti haijui siku hiyo ni ipi.

## Shaka iliyonirudisha nyuma

Nilidhani nimemaliza. Wiki iliyofuata nikawa napanga chati mbili kando kwa kando, diko letu na la jirani, na jirani ni wadogo, mwezi wao mkubwa ni kilo 590. Nikatumia templeti mpya, juu `Auto`.

Zikatoka zimefanana. Yao mhimili unaishia 700, yetu unaishia 2,500, na nguzo zao na zetu zina kimo karibu kimoja. Mtu akiziangalia bila kusoma namba za pembeni atasema hawa wanavua sawa na sisi.

Hapo nilikaa nikafikiri sana, manake ni lile lile kosa limekuja kwa mlango mwingine. Kwanza nilifunga juu nikadanganya, sasa nimefungua juu nimedanganya tena.

Nikiwaza sana naona tofauti ni swali lenyewe. Chati ikiwa peke yake inajibu miezi ilipishana vipi, na hapo juu iachwe. Chati zikikaa mbili ili watu walinganishe diko na diko, lazima zote ziwe na kikomo kimoja cha juu, na hicho unakiandika kwa mkono kwenye zote mbili, 2500 huku na 2500 kule, baada ya kutumia templeti, si ndani ya templeti. Nilitafuta njia ya kuiambia mhimili usome kikomo kutoka kwenye seli, hakuna, visanduku vile vinapokea namba tu, labda uandike makro. Kwa chati mbili kwa mwaka sioni haja ya makro.

Na mara nyingine jibu zuri zaidi ni kutoweka mbili kabisa, weka madiko yote kwenye chati moja, rangi mbili, mhimili mmoja, ubishi umekwisha.

## Lebo nilizozitoa

Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba ile chati ya Aprili ingejisema yenyewe kama ningeacha lebo za data, yaani zile namba zinazokaa juu ya kila nguzo. Nilizitoa Oktoba kwa sababu niliona zinajaza. Lebo husoma thamani iliyoko kwenye seli, haisomi kimo cha nguzo, kwa hivo hata nguzo ikikatwa lebo yake bado ingeandika 2,380. Ami asingehitaji kuuliza, au hata mimi mwenyewe ningeona 1,620 na 2,380 zimekaa kimo kimoja nikashtuka kabla sijalipia kuchapisha.

Sasa hivi ziko ndani ya templeti. Unateua chati, unabofya ile alama ya kujumlisha pembeni, `Data Labels`, `Outside End`, ili ikae juu ya nguzo si ndani yake. Alafu unazibofya, `Ctrl+1`, sehemu ya `Number` unaandika fomati

```
#,##0
```

ili 2380 isomeke 2,380, hesabu za nusu kilo haziwasaidii wazee kitu kwenye chati.

Kuna mtego mmoja tu kwenye lebo. Ukibofya mara moja zinateuliwa zote, ukibofya tena inateuliwa moja peke yake, na hapo ukianza kuandika, hiyo lebo inakuwa maandishi yako, imekatika na seli yake. Nimewahi kukuta Desemba inasema 1,890 juu ya nguzo wakati seli ilisharekebishwa kuwa 1,910 kitambo, nguzo imesogea lebo imebaki. Ukishuku lebo, ibofye kitufe cha kulia, ukiona `Reset Label Text` ichague, inarudi kusoma seli.

Na mwezi ambao hakuna aliyepima, acha seli tupu, usiandike 0. Sufuri maana yake tulikwenda tukarudi bure. Tupu maana yake hatujui. Kwa mvuvi hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

## Kichwa

Vichwa nitavipitia haraka, ila kuna kimoja kilinigharimu. Ile ya kusi kichwa chake kilikuwa "Samaki Kusi" na mhimili haukuwa na jina, na mama mmoja anayenunua samaki akaniuliza 1,260 ni kilo ama ni elfu za shilingi. Swali halali. Tangu hapo `Axis Titles` ya wima naiweka kila mara, imeandikwa "Kilo", neno moja.

Kichwa kikubwa sikiandiki tena kwa mkono, nakifunga na seli. Kwenye shiti ya `Muhtasari`, seli B1, naandika

```
="Samaki walioshushwa dikoni, "&A4&" hadi "&A9
```

A4 ina "Novemba" na A9 ina "Aprili", nimeyaandika kama maneno, manake ukiweka tarehe ya kweli pale utapata 45231 katikati ya sentensi badala ya mwezi. Alafu nabofya kichwa cha chati mara moja, naenda kwenye mstari wa fomula juu, naandika

```
=Muhtasari!$B$1
```

na enta. Fomula ndefu huwezi kuiandika kwenye kichwa chenyewe, inataka iwe kwenye seli kwanza. Templeti haibebi seli zako, kwa hivo kila chati mpya hii ya pili narudia. Sioni tabu, ni sekunde chache na inanilazimisha kusoma kichwa kabla sijachapisha.

## Kabla ya kuhifadhi tena

Mara hii sikubofya `Save as Template` siku ile ile. Nilifungua shiti tupu nikaandika namba za uongo za kujaribu, safu moja 40, 55, 38, safu nyingine 40,000 na jamaa zake, nyingine zilizokaribiana 2,200, 2,250, 2,230. Nikahifadhi templeti kwa jina la muda, nikachora zote tatu kwayo. Nilikuwa naangalia vitu viwili tu, je chini ni 0 kwa zote, na je hakuna nguzo iliyogusa mpaka wa juu. Ile ya 40 ndo iliyonipa furaha, manake na templeti ya zamani ingekuwa mistari myembamba imelala chini ya 1,400.

Ndipo nikahifadhi kwa jina la kweli. Faili linaishia na `.crtx` na linakaa hapa:

```
%appdata%\Microsoft\Templates\Charts
```

Liache hapo hapo, ukilihamishia dokumenti halitaonekana kwenye `Templates`. Nikalituma kwa yule mwenzangu wa diko la jirani kwa wasap, yeye akaliweka kwenye folda ya jina hilo hilo kwenye kompyuta yake. Ile ya zamani nikaifuta, yeye pia.

Ila kuifuta hakukurekebisha chochote kilichopita. Chati ikishachorwa haiifuati tena templeti iliyoizaa, kwa hivo nilirudi nikafungua faili zote tangu Oktoba moja moja, nikaangalia `Auto` na `Reset`. Nyingine mbili zilikuwa zimekatwa. Moja ilishaenda kwa watu. Nikawaandikia, nikawatumia mpya, nikawaambia ile ya kwanza ilikuwa na kosa na kosa ni langu.

## Karatasi ya pili

Nimerudi dikoni na karatasi mpya. Ami alikuwa anashona jarife, nikamsalimu, nikamwambia ami, ulisema kweli, nguzo zilikatwa, angalia sasa.

Akaweka sindano chini. Akapitisha kidole juu ya nguzo kama anavyopima samaki, Novemba, Desemba, Januari, kikapanda, Februari kikasimama.

"Naam. Hii ndiyo Februari."

Kidole kikaendelea, Machi, kikateremka Aprili, kikabaki pale pale chini.

"Na hapa mbona pameanguka hivi?"

Nikamwambia kusi iliingia mapema ami, si unakumbuka wiki mbili za mwisho hakuna aliyetoka.

"Kuna waliotoka," akasema. "Mbili zilitoka. Kawaulize walishusha wapi."